Uzi: Jozi 63 za madai yaliyojirudia kliniki moja ya Changamwe, mwenye kliniki asema nimemzulia

Mkaguzi_Mgeni

Assalaam aleikum na habari zenu wote. Naomba msaada kwa wenye uzoefu, maana kesho kutwa nina kikao na sijalala vizuri.

Ofisi yetu ni ndogo, iko mjini karibu na Mwembe Tayari. Kampuni moja ya bima ya afya imetuajiri tukague madai ya kliniki moja upande wa Changamwe. Wagonjwa wake wengi ni wafanyakazi wa bandarini na viwandani pamoja na familia zao. Nimepewa madai ya Januari hadi Machi, mistari 1,146 ya Excel, jumla yake kama milioni 3.2. Ni wagonjwa wa nje tu, hakuna kulazwa.

Nikaanza na madai yaliyojirudia. Nilichukua nambari ya mwanachama, tarehe ya huduma, msimbo wa huduma na kiasi, nikaandika hivi:

```
=COUNTIFS(B:B,B2,D:D,D2,F:F,F2,G:G,G2)
```

Kila palipotoka 2 nikapaka rangi. Nimepata jozi 63, thamani yake 171,000. Nikamwandikia mwenye kliniki barua ya kumtaka maelezo. Jana kanipigia simu kwa hasira, asema nimemzulia, yeye ana jina lake mtaani na ataonana na wakili. Asema mengi ya hayo yalikataliwa na bima ndipo wakayatuma upya, na mengine "ni mama na mtoto wake".

Hilo la mama na mtoto sijalielewa, kwa sababu nambari nilizolinganisha ni za mwanachama, na mtoto ana nambari yake. Nimthibitishie vipi?

---

Karani_wa_Dirishani

Ndugu Mkaguzi, mimi ndiye mtu anayekaa upande wa pili wa barua kama hiyo yako. Mwaka wa sita huu naandika madai kwenye kliniki (si hiyo ya Changamwe).

Hebu nikueleze tunavyoishi. Natuma dai, linarudi limekataliwa kwa sababu sahihi ya mgonjwa haionekani vizuri. Napiga simu bima, wananiambia "tuma tena". Kutuma tena maana yake mfumo wao unalipatia dai nambari mpya, na lile la kwanza halifutwi, linabaki palepale limeandikwa "limekataliwa". Sasa wewe ukipewa orodha ya madai yaliyotumwa bila safu ya yaliyolipwa, lazima uone mawili. Mimi mwenyewe nimewahi kuitwa mbele ya mkurugenzi kwa kitu kama hicho, nikatoka machozi.

Swali langu moja tu: hiyo orodha yako ni ya madai yaliyotumwa au yaliyolipwa?

---

Mkaguzi_Mgeni

Yaliyotumwa. Taarifa za malipo niliziomba, nikaambiwa zinakuja.

---

Karani_wa_Dirishani

Haya bas.

---

Bi_Zuhura

Mwanangu, barua umeiandika mapema. Lakini halijaharibika kitu, tulifanye pole pole.

Nimekaa idara ya madai miaka ishirini na kitu kabla ya kustaafu. Kabla sijaingia kwenye malipo, nataka nijue kitu kimoja kuhusu huyo "mama na mtoto". Nambari ya mwanachama ina tarakimu ngapi? Na tarakimu za mwisho zinaonyesha nini?

---

Mkaguzi_Mgeni

Tarakimu 17, Bi Zuhura. Mbili za mwisho ndizo za mtu ndani ya familia: 00 mwenye kadi, 01 mke au mume, 02 kuendelea ni watoto. Faili lilitoka bima likiwa la Excel, na nambari zimehifadhiwa kama maandishi. Nimehakikisha, zote zinaonekana kamili.

---

Bi_Zuhura

Basi mwenye kliniki kasema kweli, na fomula yako ndiyo iliyokudanganya.

Excel inashika tarakimu 15 tu za nambari. Hata ukihifadhi nambari kama maandishi, COUNTIFS ikiona maandishi yenye sura ya nambari huyageuza kuwa nambari kimya kimya kabla ya kulinganisha. Tarakimu ya 16 na ya 17 zinamezwa. Kwa hivyo baba mwenye 00, mama mwenye 01 na mtoto mwenye 02 wote ni mtu mmoja machoni pa fomula. Mama akimleta mtoto na yeye mwenyewe akamwona daktari siku hiyohiyo kwa bei ileile, tayari una "jozi". Na mama wa Changamwe hapati ruhusa kazini kila siku, akija anakuja na wote.

Tumia inayolinganisha maandishi kama yalivyo:

```
=SUMPRODUCT(($B$2:$B$1147=B2)*($D$2:$D$1147=D2)*($F$2:$F$1147=F2)*($G$2:$G$1147=G2))
```

Itachukua muda kidogo kompyuta yako ikiwa ya zamani. Au tengeneza safu ya pembeni yenye `="K"&B2`, uhesabu kwa hiyo. Ile herufi inazuia Excel isiigeuze kuwa nambari.

Umebahatika kwamba faili lilikuja na maandishi. Lingekuwa la CSV ukalifungua kwa kulibofya tu, hizo tarakimu mbili zingegeuka sifuri moja kwa moja na usingeweza kuzirudisha.

---

Mkaguzi_Mgeni

Wallahi nimeishiwa nguvu. Nimeiendesha sasa hivi. Kutoka 63 zimebaki 25. Nimezifungua zile 38 moja moja na zote ni watu wa nyumba moja. Na barua nilishaituma.

---

Mzee_wa_Gati

Salamu wanangu. Mimi nimefuata kichwa cha uzi kwa sababu nina tatizo la bima pia. Wiki iliyopita nimempeleka mke wangu kliniki, tukaambiwa kadi ya matibabu ya nje imekwisha pesa. Mwaka huu nakumbuka nimekwenda mara mbili tu, kikohozi na jicho. Huyu mkaguzi anaweza kuniongezea kiwango? Au niende wapi?

---

Karani_wa_Dirishani

Mzee wangu shikamoo. Mkaguzi haongezi kiwango. Hapa twazungumza madai ya kliniki.

---

Bi_Zuhura

Karani usimfukuze mzee, jambo lake ni hilihili letu. Baba, iandikie kampuni yako ya bima, au mwombe afisa wa wafanyakazi kazini kwako akuandikie, upate taarifa ya matumizi ya kadi yako: tarehe, mahali na kiasi. Ukiipata usiibandike hapa, ina mambo yako ya ugonjwa. Isome tu, utuambie zimeandikwa safari ngapi.

Mkaguzi, tuendelee. Hizo 25 zisome pamoja na taarifa ya malipo ikifika. Dai lililotumwa mara mbili na kulipwa mara moja halijamgharimu mtu kitu. Ni usumbufu, si hasara. Unachotafuta ni malipo mawili kwa huduma moja.

---

Afisa_Tabibu_Tudor

Mnahangaika na hesabu wakati jambo liko wazi. Bei za matibabu Kenya zimechapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024 kila kitu kina kiwango: kuzaa kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000, na kadhalika. Mkaguzi achukue viwango hivyo alinganishe na madai, kilichozidi ni wizi. Imekwisha.

---

Bi_Zuhura

Daktari wangu, viwango hivyo ni vya SHA kuilipa hospitali. Hii ni kampuni binafsi ya bima, na ina mkataba wake na kliniki. Bei inayomfunga mwenye kliniki ni ile iliyoambatishwa kwenye mkataba, na inaweza kuwa juu au chini ya ile ya SHA. Mkaguzi akitumia viwango vya SHA hapa, wakili wa kliniki atamla mbichi.

Mkaguzi, kwenye bei kuna mtego mmoja nataka uuangalie, mingine utaiona mwenyewe: bei ilibadilika katikati ya miezi yako mitatu?

---

Mkaguzi_Mgeni

Ndiyo. Kumwona daktari kulikuwa 1,200, barua ya bima inasema 1,500 "kuanzia tarehe 1 Machi". Nina madai 41 yenye 1,500 wiki ya mwisho ya Februari. Niliyaandika kama bei ya kupita kiasi, 300 kwa kila moja, 12,300 zote.

---

Karani_wa_Dirishani

Hapo sikubaliani. Kwetu tulipopata barua kama hiyo tulielewa kwamba kila dai litakalotumwa kuanzia tarehe hiyo ni bei mpya. Madai ya Februari tunayafunga na kuyatuma wiki ya kwanza ya Machi. Sasa huyo karani kosa lake nini?

---

Bi_Zuhura

Hesabu huenda kwa siku mgonjwa alipohudumiwa, si siku karatasi ilipotumwa. Ingekuwa hivyo unavyosema, kila kliniki ingekalia madai yake mpaka bei ipande. Lakini Karani kagusa kitu: soma barua yenyewe imeandikwa vipi. Kama inasema tu "kuanzia tarehe 1 Machi" bila kutaja huduma wala kutuma, wana pa kubishania. Ninavyoona mimi pesa zirudi, ila usiiite ulaghai. Iite tofauti ya bei. Mtu mwenye nia ya kuiba hajiwekei shilingi mia tatu mia tatu hadharani, tena kwa kila mgonjwa wa wiki ya mwisho.

---

Mkaguzi_Mgeni

Barua haitaji. Ni mstari mmoja tu.

---

Karani_wa_Dirishani

😏

---

Mkaguzi_Mgeni

Habari za asubuhi. Kikao kimeahirishwa wiki moja (nimeomba mwenyewe, nikamwomba radhi mwenye kliniki kwa zile 38. Kanyamaza kidogo, kisha akasema "haya"). Taarifa za malipo zimefika pia.

Katika zile 25: 14 la kwanza lilikataliwa kabisa na la pili likalipwa. Hizo nimezitoa. Zilizobaki 11 zimelipwa zote mbili. Tatu katika hizo ni watoto wenye pumu waliovutishwa dawa kwa mashine asubuhi na jioni ya siku moja. Faili lina saa mbili tofauti, na kumbukumbu ya kidole kwenye mashine ya kadi ina saa mbili tofauti. Nimezitoa.

Zimebaki 8. Sita ni safi kabisa: huduma moja, malipo mawili, 14,300. Mbili zimenichanganya. Ankara ni 3,000, mara ya kwanza bima ililipa 2,000 ikakata dawa moja, kisha dai likaja tena zima na likalipwa 3,000.

---

Karani_wa_Dirishani

Hizo mbili nazijua kama kiganja changu. Ukitaka kudai 1,000 iliyokatwa, mifumo mingi ya kliniki haina njia ya kutuma salio. Inatuma ankara nzima. Wewe unaandika kwa kalamu juu ya karatasi "salio", na bima hakuna anayesoma kalamu.

---

Bi_Zuhura

Basi walichopata zaidi ni 2,000 kwa kila moja, si 3,000, mradi ile dawa iliyokatwa ilistahili kulipwa. Jumla yako ya nane ni 18,300. Na andika kwenye ripoti kwamba kosa hilo ni la pande zote mbili, kwa sababu bima ndiyo iliyolipa ankara iliyokwisha kuilipa sehemu. Aliyekuajiri hatalipenda. Andika hivyo hivyo.

Sasa legeza kamba. Anayerudia kwa makusudi harudii tarehe ileile, anajua utaangalia. Anasogeza siku moja au mbili na kubadilisha nambari ya ankara. Tafuta mwanachama yuleyule na huduma ileile ndani ya siku tatu huku na huku, kwa kutumia ile safu yako ya "K". Kama iko safu H:

```
=COUNTIFS(H:H,H2,F:F,F2,D:D,">="&D2-3,D:D,"<="&D2+3)
```

Utapata uchafu mwingi. Vidonda vinasafishwa kila siku ya pili, sindano zinafuatana. Usiogope.

---

Mkaguzi_Mgeni

Zimeongezeka jozi 31. Kama ulivyosema, 25 ni vidonda na sindano, faili zinakubali. Lakini sita… naomba mnisomee hizi.

Zote sita: dai la kwanza lina kidole kwenye mashine ya kadi. La pili ni siku inayofuata, ankara ina nambari ileile na "/A" mwishoni, dawa zilezile, kiasi kilekile. Dai la pili halina kidole. Limeandikwa kwenye fomu ya karatasi, na pembeni pameandikwa "mtandao umekatika". Rejista ya wagonjwa wa nje, ile MOH 204B, ina safari moja tu ya kila mgonjwa. Jumla 21,450.

---

Karani_wa_Dirishani

Mtandao hukatika kweli. Wiki nyingine twafanya kazi kwa karatasi mpaka alasiri. Na rejista mara nyingine mtu hasajiliwi foleni ikiwa ndefu. Usimhukumu kwa hilo peke yake.

---

Bi_Zuhura

Kweli hukatika. Ila mtandao hauchagui mgonjwa. Mkaguzi, chukua tarehe za hizo fomu sita, kisha angalia madai mengine ya kliniki hiyohiyo siku hizohizo. Kidole cha mtu mwingine kilipita saa ngapi? Fomu ya karatasi ina saa ya daktari juu yake, au hata nambari ya foleni.

---

Mkaguzi_Mgeni

Siku tano kati ya sita, kuna wagonjwa waliopita kwa kidole kabla na baada, wengine dakika kumi tu kando. Siku ya sita kweli hakuna kidole hata kimoja kuanzia saa tatu hadi saa nane.

---

Bi_Zuhura

Hiyo ya sita iweke kando na uiandike kama swali. Tano una cha kusema. Tena angalia sahihi ya mgonjwa kwenye fomu ya kwanza na ya pili. Wewe si mtaalamu wa hati, usiandike "imeghushiwa". Andika tu kwamba hazifanani, na uambatishe.

---

Afisa_Tabibu_Tudor

Nimekubali kuhusu bei, nilichanganya. Sasa niulize: faili za wagonjwa umezipima vipi? Hapo najua kidogo.

---

Mkaguzi_Mgeni

Nilichagua faili 40. Faili 3 hazikupatikana kabisa. Na kuna watoto 9 walioandikiwa J18.9, nimonia, na hakuna hata mmoja aliyepigwa eksirei. Wenzangu ofisini wanasema ni homa ya kawaida, J06.9, iliyopandishwa ili dawa za bei zipite.

---

Afisa_Tabibu_Tudor

Wenzako ofisini hawajawahi kumsikiliza mtoto kifua. Nimonia ya mtoto kliniki ndogo haihitaji eksirei. Tunahesabu pumzi kwa dakika nzima: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, ana kikohozi, tunamtibu nimonia. Ndio mwongozo.

Unachotakiwa kutafuta kwenye faili ni hiyo hesabu ya pumzi. Imeandikwa? Na dawa ni gani? Mtoto wa nimonia utamwona na amoksilini. Mtoto aliyeandikiwa nimonia, hakuna hesabu ya pumzi, na kapewa sharubati ya kikohozi na panadoli peke yake, huyo mwulizie.

---

Mkaguzi_Mgeni

Nimerudi kwenye faili. Saba wana hesabu ya pumzi, kati ya 44 na 58, na amoksilini. Wawili hawana hesabu, ila amoksilini wamepewa. Nimefuta maneno "msimbo umepandishwa" kwa wale saba. Kwa hao wawili nimeandika kumbukumbu haikukamilika. Ahsante sana daktari.

Lakini kuna jingine, na hili ndilo linaninyima raha. Vipimo vya malaria. Bima hii peke yake imedaiwa vipimo 261 kwa miezi mitatu. Nikaenda stoo. Kadi ya stoo inaonyesha vipimo 30 mwanzoni mwa Januari, wakanunua masanduku 8 ya vipimo 25 kila moja, na mwisho wa Machi vilibaki 12. Kwa hivyo vilivyotumika haviwezi kuzidi 218. Na kliniki ina wagonjwa wa pesa taslimu pia, nao wanapimwa.

---

Karani_wa_Dirishani

Na darubini? Kipimo cha damu kwa darubini hakitumii kile kijiti. Kinatumia kioo na rangi. Kama dai limeandikwa "kipimo cha malaria" tu, hujui ni kipi.

---

Mkaguzi_Mgeni

Dai limeandikwa hivyo hivyo tu, na bei ni moja kwa vyote viwili.

---

Bi_Zuhura

Karani kasema kweli. Hesabu ya stoo ni nzuri kuliko zote kwa sababu haiandikwi na anayeandika madai, lakini inakuambia kitu pale tu unapojua kila kipimo kinakula nini. Fungua rejista ya maabara. Nambari za mfululizo zipo, na mtaalamu hutenga cha darubini na cha haraka. Hesabu mistari ya wanachama wa bima hii, kisha fuata kinyume: kutoka rejista kwenda kwenye madai, si kutoka madai kwenda rejista pekee. Ukienda njia moja tu, rejista iliyoandikwa usiku wa kuamkia siku yako itakubaliana na kila dai. Ukienda kinyume unaona kama ina wagonjwa wa pesa taslimu waliochanganyika kati yao, kama siku halisi ilivyo, au ina wa bima watupu wamepangwa kama shanga.

---

Mkaguzi_Mgeni

Rejista ya maabara ina mistari 233 ya wanachama wa bima hii, na wa pesa taslimu wamechanganyika vizuri, haionekani ya kutengenezwa. Ila safu ya aina ya kipimo haikujazwa kuanzia katikati ya Februari. Mtaalamu wa maabara aliyekuwepo aliondoka, wa sasa anasema hajui. Darubini ipo na inafanya kazi, nimeiona kwa macho.

Kwa hivyo 28 hazina mstari wowote kwenye rejista. Hizo nina hakika nazo. Za darubini siwezi kusema.

---

Bi_Zuhura

Basi andika 28, na useme huwezi kusema kuhusu zilizobaki. Waulize risiti za kununua rangi ya darubini na vioo, labda zitasaidia, labda hazitasaidia.

---

Mkaguzi_Mgeni

Swali la mwisho kabla ya kikao. Bosi wangu anataka nichukue zile faili 3 zisizopatikana kati ya 40, ambazo ni asilimia 7.5, nizidishe kwa milioni 3.2 nzima, tudai 240,000 zirudishwe.

---

Afisa_Tabibu_Tudor

Hiyo ni hesabu ya kawaida ya sampuli, sioni tatizo.

---

Bi_Zuhura

Zile 40 ulizichaguaje, mwanangu?

---

Mkaguzi_Mgeni

Nilichagua zilizonitia shaka. Za bei kubwa na za watoto.

---

Bi_Zuhura

Basi huwezi kuzidisha. Umechota kwenye chungu pale ulipoona makapi, halafu unasema chungu kizima kiko hivyo. Ukitaka kuzidisha, chagua upya kwa bahati nasibu kutoka mistari yote 1,146, na mkataba uwe unaruhusu kurudisha pesa kwa makisio. Mikataba mingine inaruhusu, mingine imenyamaza. Hata hivyo kwa faili 40 makisio yatayumba sana, mimi nisingekwenda nayo mbele ya wakili.

---

Afisa_Tabibu_Tudor

Mimi bado naona kuna njia. Faili lisilopatikana ni huduma isiyothibitika, na lazima kuwe na adhabu ya kupoteza faili, la sivyo kila kliniki itapoteza zile mbaya tu.

---

Bi_Zuhura

Hapo una hoja. Adhabu ya hizo tatu, sawa. Ya milioni tatu, hapana.

---

Mzee_wa_Gati

Wanangu nimerudi. Taarifa imekuja. Zimeandikwa safari saba. Zangu ni mbili. Mbili ni za mke wangu, amekiri (hakuniambia, ni mambo yake ya kike, nimenyamaza). Tatu hatuzijui, na moja ni ya siku niliyokuwa zamu ya usiku gatini, kitabu cha zamu kinaonyesha. Mahali palipoandikwa ni kliniki ambayo hata mlango wake siujui.

---

Karani_wa_Dirishani

Mzee, samahani kwa siku ile.

---

Bi_Zuhura

Baba, iandikie bima barua, utaje hizo tarehe tatu tu, uambatishe nakala ya ukurasa wa zamu. Uliza dai hilo lilipita kwa kidole au kwa karatasi. Usiende kwenye kliniki hiyo kugombana.

Mkaguzi, umeona? Hilo ndilo hata fomula haikupi. Teua wanachama kumi na tano uwapigie. Lakini uliza tu kama walikwenda kliniki siku fulani, usitaje ugonjwa wala dawa, na zungumza na mwenye safari mwenyewe. Simu huwa mkononi mwa mume, na umemsikia mzee hapo juu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya mahali pa pekee.

---

Mkaguzi_Mgeni

Nimerudi kutoa habari. Kikao kimefanyika jana. Wakili alikuja kweli.

Zile 18,300 wamekubali bila maneno mengi. Zile tano za karatasi, karani wao aliulizwa mbele yetu, akasema aliandika alivyoambiwa, hakusema na nani. Mwenye kliniki akaangalia dirishani. Ya sita tumeiacha. Tofauti ya bei ya Februari wanabisha, na bima wenyewe wamekiri barua yao ilikuwa fupi. Vipimo 28 wameomba wiki mbili watafute rejista ya ziada ambayo siku nakagua haikuwepo.

Simu nimepiga kumi na tano, wamepokea tisa, wote wamesema walikwenda.

Bosi bado anataka 240,000.

---

Karani_wa_Dirishani

Hiyo rejista ya ziada ikija, angalia wino.